Kabla Hujatuma: Kuhariri Taarifa ya Mlipuko wa Mwembe Tayari

Jumamosi tarehe 3 Mei 2014, guruneti lilirushwa kwenye basi la abiria katika kituo cha Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa. Siku hiyo hiyo, upande wa Nyali, kifaa kilichokuwa ndani ya mfuko kililipuka karibu na hoteli ya Reef bila kuua mtu. Kesho yake mabasi mawili yakalipuliwa Barabara ya Thika, Nairobi. Tukiyasimulia leo, matukio haya yamepangika. Aliyekuwa Mombasa jioni ile na simu mkononi aliyapata yamechanganyika: mahali hapa na idadi ya pale, picha ya jana na jina la leo.

Ule haukuwa mwaka mtulivu hata kidogo. Mwezi wa Februari polisi walikuwa wameuvamia Msikiti Musa, Majengo. Machi waumini walipigwa risasi kanisani Likoni. Tarehe 1 Aprili Sheikh Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, aliuawa kwa risasi. Na mwezi huo huo wa Aprili serikali ilianza operesheni ya Usalama Watch, ambapo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mitaani Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kwa hiyo neno moja tu kuhusu kabila au dini ya mtu, likiandikwa Mombasa jioni ya Mei 3, liliangukia watu ambao tayari walikuwa wakitazamwa vibaya, au watu ambao tayari walikuwa wamezika.

Tukio hili linatufaa kwa kujifunza kuhariri, kwa sababu lina kila kitu kinachoharibu taarifa: mlipuko, damu, vyombo vya dola, dini, kabila, na kituo cha mabasi ambacho kila mtu ana jamaa aliyepita hapo. Hebu tuchukue rasimu moja. Nimeitunga mimi kwa ajili ya somo hili, lakini aliyewahi kupokea ujumbe wa namna hii ataitambua sura yake:

"INATISHA!!! Magaidi wameshambulia Mwembe Tayari sasa hivi. Inasemekana zaidi ya watu 20 wamekufa. Shahidi anasema ni kijana wa Kisomali aliyevaa kanzu, alitoroka kuelekea Majengo. Waliolengwa ni Wakristo wa bara. Tazama picha za maiti. Tuma kwa wote upesi kabla haijafutwa."

Usianze kusahihisha sentensi ya kwanza. Chukua kalamu, na juu ya kila dai andika swali moja: aliyeleta hili alikuwa wapi? Majibu yatakuwa ya aina tatu tu. Kuna aliyeona au kusikia mwenyewe. Kuna aliyeambiwa na mtu anayejulikana kuwa alikuwepo. Na kuna aliyesikia kwamba imesikika. Aina ya kwanza unaweza kuitumia kwa kusema ni nani aliyeona. Ya pili inakupa mtu wa kumtafuta, wala haikupi sentensi ya kuandika. Ya tatu huifuti kwa hasira, unaiweka kando tu mpaka ipate mwenyewe.

Ukiipitisha rasimu yetu kwenye swali hilo, karibu yote inabaki kando. Lililosimama ni kwamba kumetokea mlipuko Mwembe Tayari. Kwa hilo mashahidi wa aina ya kwanza wapo tele: makarani wa ofisi za tiketi, makanga, wachuuzi wa maji na karanga, abiria waliokuwa wakipakia mizigo. Hata hivyo waulize kwa uangalifu. Mashahidi watano wa kituo kimoja wanaweza kuwa shahidi mmoja, maana wote wamemsikia makanga yule yule akipiga kelele. Ukimwuliza mama wa chai, "Mama, wewe ulimwona aliyerusha?" mara nyingi atakujibu kwa uaminifu kabisa: "La, mwanangu, mimi nilisikia mshindo, nikalala chini. Hao vijana ndio wanaosema." Basi mama ni shahidi wa mshindo na wa saa yake. Kwa habari ya mrushaji, yeye ni msikilizaji kama wewe. Ndiyo maana kuwa na vyanzo viwili hakutoshi, ikiwa cha pili kimekunywa maji katika kisima cha kwanza.

Sasa turudi kwenye maneno. "INATISHA" na alama zake tatu za mshangao zitoke. Hazielezi kilichotokea, ila zinamwamrisha msomaji namna ya kuhisi kabla hajajua jambo. "Magaidi wameshambulia" ni hukumu iliyotangulia uchunguzi. Dakika za mwanzo huwa hatujui kama ni bomu, mtungi wa gesi au kitu kingine, basi andika "mlipuko". Polisi wakisema ni guruneti, andika kwamba polisi wamesema ni guruneti. Mtu akikamatwa, ni mshukiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka, ni mshtakiwa. Mpaka hukumu itoke, hana jina zaidi ya hayo. Haya si maneno ya kumpendeza mtu. Mwaka huo wa 2014 watu wengi walikamatwa na kuachiliwa, na aliyekwisha kuitwa gaidi mbele ya majirani zake harudishiwi jina lake na karatasi ya kuachiliwa.

"Sasa hivi" nayo ni mtego. Ujumbe huo ukisomwa kesho yake saa nne asubuhi, utamwambia msomaji kuna shambulio jipya Mwembe Tayari, na mtu atageuza gari au kumzuia mtoto kutoka nyumbani. Andika siku, tarehe na saa. Kwa taarifa nzito, saa haiachwi hata siku moja.

Nataka tukae zaidi kwenye hesabu ya waliofariki, kwa kuwa hapo ndipo hata waandishi wazuri huteleza. Kwa tukio la Mwembe Tayari, taarifa nyingine zilitaja watu watatu, nyingine wanne. Mtu anaweza kudhani upande mmoja ulidanganya. Si lazima. Idadi ya wafu hubadilika kwa sababu za kawaida kabisa: majeruhi hufariki akiwa njiani au wodini, mtu mmoja huhesabiwa mahali pa tukio na tena hospitalini, matukio mawili ya siku moja hujumlishwa na mwandishi mmoja na kutenganishwa na mwingine. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, lilianza siku yake kwa idadi ndogo sana, na hesabu ikapanda kadiri vikosi vilivyoingia mabwenini, ikafika 147 na baadaye 148.

Kwa hiyo idadi isiyo na mwenyewe na saa yake si habari. "Zaidi ya watu 20 wamekufa" inafutwa. Badala yake tafuta walio na daftari. Kisiwani majeruhi wa tukio kubwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi wanaiita Makadara. Msimamizi wa hospitali anajua waliopokelewa. Polisi wanajua waliookotwa mahali pa tukio. Msalaba Mwekundu unajua uliowabeba. Kila mmoja ana sehemu yake ya hesabu, na si kazi yako kuzijumlisha. Andika hivi: "Kufikia saa mbili usiku, polisi walikuwa wamethibitisha vifo vya watu watatu." Sentensi hiyo haitakuwa ya uongo hata idadi ikipanda usiku wa manane, kwa sababu haikuahidi zaidi ya ilichojua. Ukikosa hesabu kabisa, sema kuna majeruhi waliopelekwa hospitalini, ukomee hapo.

Na hapa pana jambo ambalo mtu wa mbali huenda asilione. Kwetu Pwani maiti wa Kiislamu hazikwi kwa kuchelewa. Ikiwezekana, jua halizami kabla hajastiriwa. Fununu ya kifo ikitoka saa kumi alasiri, saa kumi na moja kuna watu wamekwisha kusimama mlango wa chumba cha maiti, kuna mama ameanguka ukumbini, na kuna ndugu wa Lamu amepanda gari la usiku. Ikawa marehemu yuko hai, wadi nambari kadhaa, na bandeji mguuni. Ndiyo sababu jina la aliyefariki haliandikwi kabla jamaa zake hawajaarifiwa, hata kama wewe unalijua kwa yakini. Na ukifika wakati wa kuliandika, andika kama unavyomwandikia jirani yako: amefariki, marehemu, aliyeuawa. Rasimu yetu inasema "maiti" kama mzigo ulioshushwa.

Tumefika kwenye sentensi iliyo na sumu kuliko zote: "Shahidi anasema ni kijana wa Kisomali aliyevaa kanzu, alitoroka kuelekea Majengo." Wengi wakiihariri sentensi hii huongeza "anadaiwa kuwa" na kuamini wameitibu. Hawajaitibu. "Inadaiwa" na "inasemekana" hayamtaji mdai wala msemaji, na msomaji huyaruka kama hayakuandikwa, akabaki na Msomali, kanzu na Majengo. Jaribio langu ni hili: je, maelezo haya yanaweza kumsaidia mtu kumtambua mtu mmoja? Kanzu Mwembe Tayari huvaliwa na kila umri, anayetoka msikitini na anayekwenda sokoni. Majengo ni mtaa wa maelfu ya watu, uko hatua chache kutoka hapo. Maelezo yanayomwenea kila kijana wa mtaa mzima hayamtambulishi mhalifu, yanautaja mtaa. Toa yote matatu. Polisi wakitoa jina na picha ya mtu wanayemtafuta, hilo ni jambo jingine, na hapo utaandika jina lake, picha yake na nambari ya kupiga simu, bila kulitaja kabila lake.

"Waliolengwa ni Wakristo wa bara" ni kisio lililovaa nguo za habari. Mtu ameona mabasi ya kwenda bara, akakumbuka Likoni, akajumlisha. Ndani ya basi la Mwembe Tayari hupanda Mdigo anayekwenda kumwona mwanawe chuoni, Mkamba anayerudi Machakos, Mhindi wa duka la vipuri na mwalimu wa madrasa. Nia ya mshambuliaji huijui mpaka yeye au kundi lake liseme, na hata wakisema, andika kwamba wao ndio wanaosema, kwani makundi hayo hujitapa pia kwa yasiyo yao. Mpaka hapo, waliojeruhiwa ni abiria na wapita njia. Usiwagawe kwa dini katika saa ambayo wanagawana mashuka ya wodi moja.

Kanuni za maadili ya uandishi zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinamtaka mwandishi wa habari za mizozo ya kikabila na ya kidini athibitishe kwanza, aandike kwa tahadhari na kujizuia, na aepuke vichwa vya uchochezi. Zimeandikiwa wanahabari, lakini hakuna sehemu yake ambayo mtu mwingine haiwezi. Kwa upande wa jinai, kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kinaadhibu maneno ya chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo ilizaliwa na damu ya baada ya uchaguzi wa 2007, wakati ujumbe mfupi wa simu ulipokuwa ukibeba uchochezi kutoka mtaa hadi mtaa.

Picha zina kazi yake. Kwanza jiulize kama ni ya mahali hapo. Ikuze uangalie vibao vya maduka, rangi na jina la kampuni ubavuni mwa basi, nambari za magari, lugha iliyo ukutani. Barabara ya Jomo Kenyatta ina alama ambazo mwenyeji hazikosi, zikiwamo zile sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jiulize kama mandhari ya picha yanakubaliana na unayoyajua. Angalia mwanga: tukio la jioni halina vivuli vya adhuhuri. Kisha iingize kwenye Google Lens au TinEye uone kama ilikwisha kutumika kabla. Ikijitokeza na tarehe ya mwaka jana, kazi imeisha, si ya hapa. Isipojitokeza, bado hujathibitisha kitu. Mashine haijawahi kuiona, basi. Mtafute aliyepiga, umwombe picha ya kabla na ya baada ya hiyo. Aliyekuwepo huwa nazo nyingine, za kutetemeka na zisizo na maana, na hizo ndizo zinazomsadikisha.

Ikithibitika ni ya kweli, ndipo uulize kama inafaa kutoka. Picha ya mwili, ya uso wa majeruhi aliyepoteza fahamu, ya mtoto, haitoki. Picha ya basi lililovunjika vioo inatosha kuonyesha nguvu ya mlipuko. Na picha inayoonyesha askari wamejipanga wapi wakati operesheni inaendelea isubiri, kwa usalama wao na wa waliojificha.

Utasema: basi nitegemee serikali tu. Tegemea, lakini kwa jina. Siku za shambulio la Westgate, Septemba 2013, maafisa walitangaza kuwa washambuliaji ni kati ya 10 na 15. Baadaye ikaonekana kuwa walioonekana kwenye kamera walikuwa wanne. Waziri mmoja alizungumza na televisheni ya nje kuhusu mwanamke Mwingereza miongoni mwao, na dunia nzima ikamtafuta yule aliyebandikwa jina la "Mjane Mweupe", ambaye kuwepo kwake Westgate hakukuthibitishwa. Aliyeandika "waziri amesema" hakuwa na la kufuta. Aliyeandika "mwanamke Mwingereza anaongoza mashambulizi" aliipa fununu sahihi yake mwenyewe.

Baada ya kukata yote hayo, rasimu yetu inabaki hivi:

"Mlipuko umetokea katika kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, Mombasa, jioni ya Jumamosi tarehe 3 Mei. Polisi wanasema guruneti lilirushwa kwenye basi la abiria. Kufikia saa mbili usiku walikuwa wamethibitisha vifo vya watu watatu. Majeruhi wamepelekwa hospitalini. Aliyehusika hajatajwa. Anayemtafuta jamaa aulize Hospitali Kuu ya Pwani au Msalaba Mwekundu. Tafadhali epukeni eneo la kituo ili magari ya wagonjwa yapite. Taarifa hii itarekebishwa saa nne usiku."

Saa zilizomo humu ni za mfano. Wewe utaweka zako. Lakini tazama kilichoingia mahali pa kelele: mwenye jamaa amejua pa kwenda, mpita njia amejua la kufanya, na msomaji amejua ni lini atapata zaidi. Sentensi ya "Aliyehusika hajatajwa" ni muhimu sana. Ukiiacha nafasi hiyo tupu, msomaji ataijaza mwenyewe, na ataijaza kwa kile kile tulichokitoa. Na "tuma kwa wote kabla haijafutwa" imeondoka bila mbadala. Habari ya kweli haimkimbizi mtu.

Saa nne ikifika, timiza ahadi. Idadi ikiwa imebadilika, usibadilishe tarakimu kimyakimya. Andika: "Tulisema watatu kufikia saa mbili, sasa polisi wanasema wanne." Weka marekebisho pale pale ilipokuwa taarifa ya kwanza na kwa ukubwa ule ule. Na ukilazimika kukanusha fununu iliyokwisha kuzagaa, tanguliza ukweli: "Feri ya Likoni inafanya kazi kama kawaida, wasimamizi wake wamethibitisha." Kisha taja fununu mara moja tu, chini, bila herufi kubwa. Ukianza na "SI KWELI KWAMBA FERI IMELIPULIWA", anayesoma mbiombio atabaki na feri na mlipuko.

Kazi hii imewahi kufanywa hapa hapa Pwani kwa utaratibu. Baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Tana mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, yaliyoua zaidi ya watu mia moja, shirika la Sentinel Project lilianzisha mpango wa Una Hakika. Mwanakijiji aliyesikia kwamba upande wa pili unajipanga kushambulia alituma ujumbe au kupiga simu. Wahusika wakauliza wazee, machifu, polisi na watu wa kujitolea vijijini. Kisha jibu likarudi kwake na kwa jirani zake. 

Huna haja ya shirika ili ufanye hivyo kwa taarifa moja. Ujumbe kama ule wa rasimu yetu ukikufikia leo usiku, usiusambaze na usiufute. Mpigie aliyekutumia, umwamkie, umwulize yeye mwenyewe alikuwa wapi, na kama hakuwepo, umwombe nambari ya aliyemtumia.